Karatasi ya Pili

Mwanangu, umeanza mwaka wako wa utarajali na tayari umeshawaandikia watu wengi muhtasari wa kuruhusiwa. Nimeisoma baadhi. Unaandika vizuri kuliko tulivyoandika sisi: vipimo vimo, dozi zimo, hata uzito wa mgonjwa umo. Ila karatasi hiyo ni ya daktari atakayempokea kliniki. Mgonjwa anaibeba tu, kama anavyobeba bahasha ya eksirei. Ninachokuomba ni karatasi ya pili, fupi, iliyo ya mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa mzee. Na usije ukachukua ile ya kwanza ukaigeuza Kiswahili mstari kwa mstari. Ukifanya hivyo bibi wa watu ataondoka na karatasi mbili asizozielewa badala ya moja.

Nikupe mgonjwa wa aina unayemwona kila wiki, tumwandikie pamoja. Bibi wa miaka 74, anakaa kijijini karibu na Pangani na mkwe wake na mjukuu wa darasa la saba. Presha anayo miaka mingi. Aliletwa akihema, miguu imevimba mpaka magotini, analala ameegemea ukuta. Muhtasari wake, nikiufupisha, unasema hivi: moyo umepanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu, na chumba cha kushoto kinasukuma nje asilimia 35 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo, figo zimepungua nguvu kiasi, potasiamu 4.6; uzito kilo 64 alipolazwa na 58 anapotoka; presha 118/70. Dawa za kwenda nazo ni furosemidi miligramu 40, 1x2. Enalaprili miligramu 5, 1x2. Kavediloli miligramu 3.125, 1x2, spironolaktoni miligramu 25, 1x1. Zilizositishwa ni amlodipini na diklofenaki. Damu ipimwe baada ya wiki moja, kliniki baada ya wiki mbili.

Si mgonjwa wa ajabu huyu. Utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45 yao. Kwa hiyo utakayojifunza kwa bibi huyu utayatumia tena kabla wiki haijaisha.

Kabla hujashika kalamu, waambie ndugu zake waje na dawa zote zilizoko nyumbani. Zote, na lile kopo la maziwa ya unga zinamokaa. Mwaga kila kitu juu ya shuka. Utakuta vidonge vya amlodipini vilivyobaki, utakuta diklofenaki ya magoti, na mara nyingi utakuta boksi la dawa ya maji alilopewa kwingine, limeandikwa jina la kibiashara, lasiksi, wakati lile unalompa wewe limeandikwa furosemidi. Ni dawa ile ile. Bibi hana namna ya kujua hivyo; kwake boksi mbili zenye majina mawili ni dawa mbili, naye ni mtu mtiifu, atameza zote. Muhtasari wako haukuwa na habari ya kopo hilo kwa sababu kopo halikulazwa.

Hapo hapo kitandani uliza nani anampa dawa, nani anasoma, miwani iko wapi, na mchana nyumbani hubaki nani. Bibi wetu macho yana mtoto wa jicho. Anayesoma ni mjukuu, naye anarudi kutoka shule jioni. Ina maana dozi ya mchana haitakuwa na msomaji, na karatasi lazima ilijue hilo.

Sasa tazama dawa tatu za kwanza. Zote zimeandikwa 1x2. Mfamasia ataandika 1x2 kwenye bahasha, muuguzi atasema kimoja asubuhi kimoja jioni, na bibi atameza vitatu pamoja asubuhi na vitatu pamoja baada ya Magharibi. Kwa enalaprili hakuna neno. Kwa furosemidi umemtafutia balaa. Dawa hii ikimezwa huanza kukojoza ndani ya saa moja hivi, na kazi yake huendelea kwa saa sita hadi nane. Akiimeza saa moja usiku, usiku kucha ni safari za chooni, na choo kiko uani. Mzee wa miaka 74, presha imeshushwa, giza, ndara zimelowa: hapo ndipo nyonga inapovunjika. Au, na hili ndilo utakaloliona zaidi, ataacha kile kidonge cha jioni kimya kimya. Hatakwambia, kwa kuwa hataki kukuvunjia heshima. Baada ya siku kumi maji yamerudi, nawe unaandika kwenye faili kwamba dozi haitoshi.

Kwa hiyo 1x2 ya furosemidi andika asubuhi na saa nane mchana, basi. Na hapo hapo mpe ruhusa ambayo wazee wengi hujipa wenyewe vibaya: siku ya safari, ya msiba au ya kuja kliniki, kidonge cha asubuhi akimeze akirudi nyumbani. Usipomwambia hivyo atakiruka siku hiyo, na misiba kwetu haikai siku moja.

1x2 ya kavediloli nayo ni nyingine. Hii iende na chakula. Tumboni mwenye chakula inaingia kwenye damu polepole, na presha haishuki ghafla anaposimama. Kwa hiyo ni na chai ya asubuhi na baada ya chakula cha usiku. Mistari mitatu iliyofanana kwa maandishi imekuwa maelekezo tofauti, na hakuna aliyeweza kuyatofautisha isipokuwa wewe unayejua dawa zinafanyaje kazi. Ndiyo maana kazi hii huwezi kumwachia karani.

Saa nazo ziandike kwa Kiswahili, pamoja na sehemu ya siku. Ukiandika 08:00, mjukuu atasoma saa nane, na dawa ya asubuhi itangoja mchana. Afadhali zaidi ni kuifunga dawa kwenye jambo ambalo bibi hulifanya kila siku bila kukumbushwa. Huyu anaswali, basi ile ya mchana iwe baada ya Adhuhuri, akishakunja msala. Hapo hahitaji msomaji wala saa ya ukutani, na tatizo la mjukuu aliyeko shule limekwisha. Mwingine asiyeswali atakuwa na lake, kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Muulize yeye, usimbunie.

Nije kwenye kidonge nusu. Muhtasari unasema kavediloli 3.125, lakini duka la dawa la hospitali lina vidonge vya 6.25, kwa hiyo bibi anakata. Nani anakata, na kwa kifaa gani? Mwenye mtoto wa jicho na mikono inayotetemeka akikata kwa kisu cha jikoni atapata robo leo na robo tatu kesho. Vikatwe pale pale dirishani, vifungwe vikiwa nusu, na karatasi iseme "kipande kimoja". Ila hilo linatosha kwa wiki mbili tu. Akienda kununua kwingine anaweza kupewa vidonge vya 12.5, akavikata nusu kama alivyozoea, na dozi imekuwa maradufu bila mtu yeyote kukosea hesabu. Dalili yake ni kizunguzungu anaposimama, mapigo kwenda taratibu mno, mwili kulegea. Dawa hii tunaianza chini makusudi na kuipandisha kila wiki mbili hivi kadiri mwili unavyokubali. Ikirukia juu, moyo huo huo tunaoutibu unaweza kulemewa na maji yakarudi. Basi kwenye karatasi andika ukubwa wa kidonge kizima, na mwambie aende dukani na boksi la zamani mkononi.

Rangi za vidonge usizitegemee. Cheupe cha kiwanda hiki ni cha njano cha kiwanda kingine. Chukua kalamu ya wino mzito, andika 1, 2, 3, 4 juu ya maboksi, na namba hizo hizo ndizo uziweke kwenye karatasi. Majina ya dawa uyanakili herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye boksi. Mimi hapa nayaandika kwa tahajia yetu kwa sababu nazungumza nawe, lakini mjukuu atakuwa analinganisha maandishi na maandishi.

Halafu kuna mstari mfupi kuliko yote, ule wa dawa zilizositishwa. Huo nimeuona ukirudisha wazee wodini kuliko mistari iliyobaki. Fikiria amlodipini. Bibi huyu kwa miaka aliambiwa na kila daktari kwamba asiache dawa ya presha hata siku moja. Leo wewe unaandika "sitisha", neno moja, bila sababu. Unadhani atamwamini nani? Atakuona kijana uliyesahau, naye atakufunika aibu kwa kuendelea kuimeza nyumbani. Mpe sababu kwa maneno yake: dawa hizi mpya nazo zinashusha presha, na ile ya zamani inaweza yenyewe kuvimbisha miguu, tukashindwa kujua uvimbe ni wa dawa au ni wa moyo. Akielewa hivyo ataiacha kwa hiari yake. Omba pia uyachukue yale mabaki, usiyaache kwenye kopo.

Diklofenaki ni ngumu zaidi kwa sababu magoti yanauma kweli. Dawa hii huufanya mwili ushike chumvi na maji, yaani inafanya kinyume cha furosemidi, na hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukiiweka pamoja na enalaprili na dawa ya maji, figo zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja, na hizi za bibi zilikwisha kupungua nguvu. Kumkataza bila kumpa badala yake ni kumwambia aumwe. Mwandikie parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa wakati, isizidi mara tatu kwa siku, na magoti yakandwe kwa maji ya moto. Lakini bado kuna mlango wa nyuma. Akilalamika magoti kwenye duka la dawa la mtaani atapewa ibuprofeni, au pairoksikamu, au atachomwa sindano ya hiyo hiyo diklofenaki, na yeye ataapa kwamba ile uliyomkataza hakuigusa. Ndiyo maana huwa naweka kwenye karatasi ya mgonjwa mstari mmoja ambao si wa mgonjwa. Ni wa muuza dawa. Bibi anafundishwa jambo moja tu: ukifika dukani, onyesha karatasi kwanza, magoti baadaye.

Potasiamu sasa. Namba 4.6 bibi haihitaji, ifute. Anachohitaji ni kujua kwamba ile damu ya wiki moja si desturi ya hospitali. Spironolaktoni na enalaprili zote mbili huifanya potasiamu ibaki mwilini, na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila kutoa onyo. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba spironolaktoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa moyo kama huyu kwa karibu theluthi moja, na madaktari wakaichangamkia. Huko Ontario, Kanada, watafiti wakaenda kuangalia kilichotokea kwa wazee wenye ugonjwa huo waliokuwa wakitumia dawa za kundi la enalaprili: waliolazwa kwa potasiamu kupanda walikuwa 2.4 kwa kila elfu mwaka 1994, na kufikia 2001 walikuwa 11. Dawa ilikuwa ile ile iliyookoa watu kwenye utafiti. Wale wa kwenye utafiti walikuwa wamechaguliwa na damu yao ikipimwa mara kwa mara. Wa mitaani hawakuwa na bahati hiyo.

Huku kwetu pwani ongeza madafu. Mgonjwa akitoka hospitali watu humletea madafu kwa nia njema, eti yasafishe figo. Bilauri moja ya maji ya dafu ina potasiamu nyingi, miligramu kama 600, na bibi aliyebarikiwa majirani atakunywa matatu kwa siku. Dafu moja siku moja moja halitamwua, lakini kwa wiki hizi za mwanzo mwambie aache kabisa mpaka damu yake tuione. Chumvi zile zinazouzwa kwa wenye presha nazo asitumie. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Chumvi ya kawaida ipungue, na hapa usiseme "punguza chumvi" ukaondoka. Taja ng'onda, dagaa wa chumvi, achari na vile vipande vya kuungia mchuzi. Zungumza na mkwe, maana ndiye anayeshika sufuria.

Uzito ndio mlinzi wetu wa kwanza, kwa sababu maji huonekana kwenye mizani siku kadhaa kabla hayajaonekana miguuni. Kanuni unaijua: ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, atafutwe daktari. Kwenye karatasi ya bibi kanuni haitakiwi, inatakiwa namba. Utataka kuandika 60, kwa kuwa wodini alitoka na 58. Ngoja kidogo. Mizani ya wodini na ya nyumbani hazikubaliani. Yako inasoma 58, ya kwao itasoma 59 na nusu, na kesho yake watakupigia simu kwa hofu, au mizani yao isome pungufu na wakae na maji kilo tatu wakiamini kuwa mambo ni shwari. Acha nafasi wazi. Asubuhi ya kwanza nyumbani apime akishakojoa, kabla ya chai, amevaa khanga tu. Mjukuu aandike namba, ajumlishe 2, na hiyo ndiyo namba yao. Hesabu ya darasa la saba inatosha.

Asipokuwa na mizani, na wengi hawana, apelekwe zahanati mara mbili kwa wiki, halafu mpe mizani ya mwili: mikanda ya ndara inaacha alama, mito imeongezeka kutoka mmoja kuwa miwili, ameamka usiku akitafuta pumzi dirishani. Hiyo ya mito muulize leo kabla hajatoka, uandike alipo, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Haya, sasa tumwandikie. Kalamu nyeusi, herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi.

*Bibi, shikamoo. Leo Jumatano tarehe 5 unarudi nyumbani.*

*Presha ya miaka mingi imeuchosha moyo wako. Moyo ukichoka, maji hujaa miguuni na kifuani. Ndiyo maana ulivimba ukakosa pumzi. Dawa hizi zinatoa maji na kuusaidia moyo. Endelea nazo hata ukijisikia mzima.*

*ASUBUHI, pamoja na chai, saa moja: Namba 1 (dawa ya maji) kidonge kimoja. Namba 2 (dawa ya presha na moyo) kidonge kimoja. Namba 3 (dawa ya kutuliza moyo) kipande kimoja; kidonge kizima ni cha 6.25. Namba 4 (dawa ya kulinda moyo) kidonge kimoja.*

*MCHANA, baada ya Adhuhuri, saa nane: Namba 1 kidonge kimoja.*

*USIKU, baada ya kula, saa mbili: Namba 2 kidonge kimoja. Namba 3 kipande kimoja. Namba 1 usinywe usiku.*

*Siku ya safari, Namba 1 ya asubuhi kunywa ukirudi. Ukiamka, kaa kwanza kitandani kidogo, ndipo usimame.*

*USINYWE TENA: amlodipini ya zamani, kwa sababu dawa mpya zinashusha presha na hiyo inaweza kuvimbisha miguu. Diklofenaki, kwa sababu inarudisha maji na kuumiza figo. Magoti yakiuma: parasetamoli ya 500 vidonge viwili, isizidi mara tatu kwa siku.*

*MUUZA DAWA: mgonjwa huyu ana moyo na figo dhaifu. Usimpe wala usimchome diklofenaki, ibuprofeni, indometasini au pairoksikamu.*

*Madafu acha mpaka tuone damu yako. Ng'onda, dagaa wa chumvi na achari, acha.*

*Uzito wa asubuhi ya kwanza nyumbani: ____ . Ongeza 2: ____ . Ukifika namba hii ndani ya siku tatu, PIGA SIMU. Piga simu siku hiyo hiyo pia ukivimba miguu, ukihitaji mito miwili (leo unalalia mmoja), ukipata kizunguzungu, au ukiharisha au kutapika.*

*NJOO HOSPITALI MARA MOJA, hata usiku: ukikosa pumzi umekaa, ukizimia, kifua kikikubana, au midomo na uso vikivimba ghafla.*

*Damu: Jumatano tarehe 12. Kliniki: Jumatano tarehe 19, njoo na kopo la dawa zote. Simu ya wodi: ____*

Ona kilichoachwa. Asilimia 35 haipo, eksirei haipo, dozi za sindano za wodini hazipo, hata jina kamili la ugonjwa halipo. Vyote viko kwenye ile karatasi ya kwanza, vinamngoja daktari. Ona pia kilichoongezwa ambacho muhtasari haukuwa nacho: msala, mito, madafu, mstari wa muuza dawa. Kuharisha nimekuweka kwenye simu ya siku hiyo hiyo kwa sababu mwili ukipungukiwa maji, furosemidi, enalaprili na spironolaktoni zinaweza kuziangusha figo kwa siku chache. Mara nyingi utamwambia azisimamishe mpaka atakapoweza kula na kunywa, lakini uamuzi huo uufanye wewe ukiwa umesikia hali yake. Kwa hiyo ile nafasi ya simu usiiache tupu, na iwe namba inayopokelewa usiku. Simu yako binafsi itakuwa imezimwa.

Sitakudanganya kwamba karatasi inamaliza mambo. Haimpi nauli ya tarehe 12 wala haijazi duka la dawa lililoishiwa. Lakini hesabu vidonge kabla hajatoka: furosemidi viwili kwa siku mpaka kliniki ni 28, na ukimpa 28 kamili, gari likiharibika njiani ameishiwa. Mpe vya siku tatu nne za ziada.

Ukishamaliza kuandika, usimuulize kama ameelewa. Mzee aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia daktari kwamba hakueleweka. Atasema "ndiyo mwanangu, Mungu akubariki", na hilo si jibu la swali lako. Vuta kiti, kaa, msalimie upya, mwekee maboksi mbele yake umwambie: "Bibi, hebu nionyeshe kesho utakavyofanya, nione kama nimeandika vizuri." Mzigo wa kukosea unaubeba wewe, karatasi ndiyo inayopimwa. Halafu kaa kimya uangalie mikono.

Bibi wetu, tuseme, anashika Namba 1, 2, 3 na 4 za asubuhi bila shida. Kwa mchana anasema Namba 1 baada ya Adhuhuri. Usiku anashika 2 na 3, kisha mkono unarudi kwenye Namba 1. Ukimuuliza atakwambia dawa ya maji aliyopewa miaka ya nyuma alikuwa anakunywa jioni. Basi umepata ulichokuwa unatafuta. Usimsomee karatasi yote tena. Rekebisha hilo moja, ongeza mstari chini ya "Namba 1 usinywe usiku" kwa wino mzito, na mwambie aonyeshe tena. Mgeukie mjukuu umuulize: "Bibi akiamka kesho kutwa mizani imepanda kilo mbili, unafanya nini?" Akijibu "nampa dawa ya maji zaidi", hapo pia una kazi ya dakika mbili. Na mkwe umuulize dukani atasema nini magoti yakiuma.

Yote haya yanachukua kama robo saa, nami najua foleni ilivyo. Ukiwa na wagonjwa sita wa kuruhusu na muda wa mmoja, mchague mzee mwenye dawa nne au zaidi ambaye dozi zake zimebadilishwa wodini. Kijana wa nimonia anayemalizia vidonge vya siku tatu atajimudu.

Mwombe mkwe aipige picha karatasi kwa simu aitume kwa watoto walioko Tanga na Dar es Salaam, kwa maana mmoja wao ndiye atakayenunua dawa na kuzituma kwa basi. Nakala nyingine ibandike kwenye faili, ili wa kliniki ajue bibi aliambiwa nini. Na wewe utakayekuwa kliniki tarehe 19, ukiipandisha kavediloli kuwa kidonge kizima cha 6.25, usikate kwa kalamu na kuandika pembeni. Andika karatasi mpya, weka tarehe juu, na ile ya tarehe 5 uiombe mkononi mwake uichane. Uwaambie na wale wa Tanga na Dar es Salaam waifute ile picha.